Mwizi Aliyeacha Vichwa

Bibi alisimama katikati ya sukuma wiki zake, mkono kiunoni. Majani yalikuwa yamepungua tena.

"Ni jirani tu, mama," mkwe wake alisema. "Juzi nilimwona akichungulia."

Bibi aliinama akakagua mashina. Majani ya chini yalikuwa yamevunjwa palepale shinani, lakini kichwa cha kila mche kilikuwa kizima na majani yake machanga. Akatupa jicho kwa jirani. Kule mwenyewe alikuwa amechuma kwa kukata miche yote vichwa, vimebaki vijiti vikihangaika kuchipua.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mwizi wangu huanzia miguuni, kichwa hukiacha ili kimlishe miezi. Nani?"

Mkwe alitazama chini. "Mji nakupa, mama."

"Mji siutaki. Kuchuma hivyo nimemfundisha mtu mmoja tu."

"Nilimpelekea mama yangu. Niliogopa utasema nalisha kwetu."

"Ukaona heri umsingizie jirani! Twende ukamtake radhi. Tukitoka hapo tunapitia kwa huyo mama yako, nikainuse mwenyewe sufuria yake."