Slaidi ya Sita

Mimi ndiye mwandishi wa vikao hapa hospitalini, na asubuhi ile nilijiona fundi kweli. Kumbukumbu za kurasa tisa, pamoja na orodha ya kazi za kutekeleza, nilizibana zikawa slaidi sita za kuwatumia wauguzi waliokosa kikao. Mkurugenzi alishatuambia: kila slaidi mistari mitatu tu, watu hawana muda. Nikafuata ajenda zilivyokwenda. Shukrani, sare, likizo, maegesho... Oksijeni ilijadiliwa mwisho, ikaangukia ya sita.

Orodha ilisema: "Muuguzi msimamizi wa wodi ya watoto awahamishie watoto wote kwenye mitungi ya oksijeni leo kabla ya saa nane mchana. Fundi anafunga bomba kuu." Nikainakili yote kwenye slaidi, maneno yakagoma kuenea kwenye mistari mitatu, nikayafuta. Nikaandika: "Leo kuna matengenezo ya oksijeni. Wodi husika zichukue hatua." Ikapendeza! Nikaituma kwenye kundi la simu, nikaenda kula.

Saa nane na dakika mbili nilikutana na fundi koridoni, anafuta mikono.

"Nimeshafunga, nimeshakata na kile kipande kibovu. Watoto wako kwenye mitungi, sivyo? Kikao kilisema utawajulisha."

Mtoto wa dada yangu, wa miezi mitano, alikuwa kitanda cha tatu na nimonia.

"Rudisha!"

"Narudishaje, dada? Bomba liko wazi!"

Nilikimbia viatu mkononi. Kelele za mashine nilizisikia tangu kwenye ngazi. Muuguzi mmoja alikuwa anampumulisha mwanetu kwa mfuko wa hewa wa kuminya kwa mkono, mwingine anaburuta mtungi, watoto wengine watatu wanahema mbavu nje. Midomo ya mwanetu ilikuwa imebadilika rangi. Mitungi mingine ilikuwa stoo. Nikaenda kuisukuma na fundi huku nalia, nikiomba Mungu anichukue mimi.

Walipona wote wanne. Ilipotimia saa tisa, mwanetu alikuwa amelala na rangi yake imerudi, ila daktari alikataa kusema lolote kuhusu zile dakika alizokosa hewa.

Muuguzi msimamizi alinifuata na simu yake.

"Nilisoma mpaka mwisho," alisema. "'Wodi husika.' Nikajua ni wodi ya upasuaji. Kwa nini hukuandika sisi?"

Mistari mitatu! Ningeiondoa ile ya maegesho, ningeiweka hii mbele kabisa, na jina la mhusika na saa yake.

Dada yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika kidole cha mwanawe. Hakugeuka.

"Kumbe kulikuwa na kikao," alisema. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Walimtaja mwanangu?"

"Walitaja wodi yake. Na saa."

"Uliandika?"

"Niliandika," nikasema. "Halafu nikafuta."