Jumatatu ya Masaa Mawili

Madereva walimwita Bi Makadirio, na yeye aliitika bila kununa, maana jina lilikuwa la haki. Kazi yake katika kampuni ya malori ilikuwa kumwambia mteja mzigo utafika lini, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mteja aliyewahi kumpigia simu akifoka. Wengine wakikadiria safari hupima barabara: kilomita hizi, mwendo huu, basi, wameshamaliza. Yeye akiwasikia hucheka. Barabara haina shida, barabara inapimika. Shida ni mpakani, pale lori linapozimwa injini na dereva anashuka na taulo begani kutafuta maji ya kuogea.

Kwa hilo alikuwa na kitabu. Daftari nene la jalada gumu, lililoanzishwa na baba yake, ambaye naye alikuwa dereva wa malori mpaka magoti yalipokataa. Wenzake walimwita Mzee Gia. Kila gari lililovuka liliandikwa humo: siku gani, lina mzigo au tupu, limeshika mkia wa foleni saa ngapi, mkia wenyewe ulikuwa umefika wapi, limetoka geti la pili saa ngapi. Mkia, si dirisha la forodha. Mzee alikuwa mkali kwa hilo. "Dereva akikwambia forodha wamenichukua saa moja, muulize na kulifikia hilo dirisha kulikuchukua muda gani."

Na alimfundisha kanuni. Chukua mpaka uleule, siku ileile ya wiki, gari la aina ileile. Tazama safari kumi za mwisho. Ile nzuri kuliko zote usiitegemee, hiyo ilikuwa bahati ya mtu, si yako. Halafu mpe mteja muda ambao magari nane kati ya kumi hayakuuzidi. "Atanuna leo," mzee alisema, "lakini siku ya siku hatakulaani."

Sasa mzee alikuwa kitandani, chumba cha mbele, mifupa imeliwa na maradhi, amebaki macho na ulimi. Daktari alikuwa amesema ni siku, si wiki. Mzee mwenyewe hakuomba kitu ila kimoja: amwone kitinda mimba wake. Mtoto huyo alikuwa dereva kama yeye, ameajiriwa na kampuni ya nchi ya jirani, na hakuwa amekanyaga nyumbani miezi kumi na minne. Alipopata habari aliomba njia ya kuja upande wa nyumbani, akapewa lori tupu lililokuwa linakuja kupakia.

Jumatatu saa moja asubuhi akapiga simu. Bi Makadirio alikuwa amechukua ruhusa kazini, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa chumba cha baba, daftari mapajani. Hata likizo alikwenda nalo. Mtu na ugonjwa wake.

"Dada, nimeshika mkia sasa hivi," kitinda mimba akasema. "Baba anaendeleaje?"

"Yupo. Anakusubiri. Mkia umefika wapi?"

"Kuna kituo cha mafuta hapa, nimesimama mbele yake."

Bi Makadirio akapiga hesabu. Kituo cha mafuta ni malori mia moja na hamsini hivi, na mpaka ule hupitisha ishirini kwa saa siku ukiamka vizuri. Jumatatu ndiyo usiseme, karatasi za Jumamosi na Jumapili zote ziko juu ya meza.

"Sikiliza, dada. Mpaka huu mimi mgeni, nimezoea ule wa kaskazini. Kuna basi linaondoka upande wa kwetu saa mbili na nusu. Nikivuka kwa miguu nalipata, saa nane na nusu niko nyumbani. Lakini gari limeandikwa kwa jina langu kwenye kibali. Nikiliacha hapa, kazi ndiyo kwaheri. Sasa niambie wewe mwenye kitabu: nikikaa na gari, masaa mangapi?"

Akafungua daftari. Jumatatu, magari matupu, kumi za mwisho. Nane. Saba. Tisa. Nane. Mbili. Nane. Sita. Tisa. Saba. Nane. Hata mtoto wa chekechea angesoma. Masaa manane hapo mpakani, na matano ya barabara: saa mbili usiku.

Lakini jicho lilikuwa limekwama kwenye ile mbili. Jumatatu moja tu, tena mkono wake mwenyewe ulikuwa umeandika pembeni: mkia haukufika hata kwenye kibao cha mpakani. Alijua kabisa kwa nini siku ile ilikuwa rahisi, na alijua leo siyo siku ile. Lakini akiwa ameiangalia ile mbili, akafikiria watoto watatu wa mdogo wake na kodi ya nyumba yao, akamsikia baba akikohoa nyuma ya pazia, na akataka. Ndiyo hivyo tu, jamani, alitaka. Miaka kumi na miwili hakuwahi kuitaka saa yoyote iwe hivi au vile, aliiandika ilivyokuja. Siku ile akataka.

"Magari matupu hayana ukaguzi mrefu," akasema. "Masaa mawili. Saa tatu umetoka, saa nane uko hapa. Utafika hata kabla ya basi. Usipoteze kazi bure."

"Una hakika?"

"Kitabu hiki hapa."

"Haya dada. Wewe tena!" Akacheka kwa kupumua, wasiwasi umemtoka. Hilo neno, wewe tena, lingemrudia dada huyu kwa muda mrefu sana.

Saa mbili akaja muuguzi wa nyumba ya jirani, mama mwenye mikono mizito na maneno machache. Alikuwa na sindano ya maumivu.

"Mzee, nikikuchoma hii sasa utalala mpaka saa nane, saa tisa hivi. Utaamka umepumzika. Mwanao anafika lini?"

Mzee akamgeukia binti yake. "Saa ngapi?"

"Saa nane, baba."

"Basi usinichome," mzee akamwambia muuguzi. "Asije akanikuta nakoroma. Nitalala nikishamwona."

"Mzee, maumivu haya si ya kuchezea."

"Nimewahi kukaa mpakani siku nne na jino bovu. Nenda mama, urudi saa nane."

Akacheka, na kicheko kikamgeuka kikawa mguno. Bi Makadirio alikuwa bado ana nafasi ya kusema. Kinywa alikuwa nacho. Angesema, subiri baba, nimekosea, chomwa ulale. Halafu atoke nje ampigie ndugu yake, kimbilia basi, bado lipo. Saa mbili na dakika kumi, basi lilikuwa bado lipo. Badala yake akakunja kitambaa, akakilowesha, akamfuta baba uso.

Saa tatu simu ikalia. "Tumesogea kidogo," kitinda mimba akasema. "Kituo cha mafuta bado nakiona nyuma." Saa tano: "Dada, hawa watu wamekwenda kunywa chai wote au vipi?" Saa saba hakupiga yeye, alipiga dada, na akasikia honi na wauza maji, na sauti ya mdogo wake imekuwa ndogo. "Hata geti la kwanza sijalifikia."

Na huku chumbani mzee alikuwa anateseka. Tusipambe. Alilishika shuka kwa meno. Kila gari lililopita barabarani alifungua macho akautazama mlango, halafu akayafunga. Saa nane muuguzi akarudi na sindano yake, mzee akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake. "Anakaribia. Si umesema saa nane?" Binti akasema ndiyo baba, anakaribia. Akatoka uani, akajifunika kanga usoni akalia, kimyakimya kama mtu aliyeiba.

Saa tisa kamili kitinda mimba akapiga. "Nimetoka geti! Nimetoka, dada! Nakuja!"

Masaa manane. Wala dakika haikuzidi.

Akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, ametoka mpakani sasa hivi."

Mzee akahesabu. Mtu aliyeivuka ile barabara miaka thelathini hahitaji kalamu. "Masaa matano tena," akasema. Halafu akauliza: "Leo siku gani?"

"Jumatatu, baba."

Akamtazama. Hakukemea, na afadhali angekemea. Akainua vidole viwili vya mkono uliokonda, akavishusha juu ya mkono wa bintiye, akavilaza pale.

"Mwite mama yule anichome. Siwezi tena." Na muuguzi alipokuwa anatafuta mshipa, mzee akasema, "Mwambie asikimbize. Gari tupu linayumba."

Akalala. Saa kumi na moja jioni pumzi ikawa inachelewa kurudi, ikachelewa, na mwisho haikurudi.

Kitinda mimba alifika saa mbili usiku. Hakukimbiza, dada yake alimfikishia ule ujumbe kwa simu, lakini habari ya kifo hakumfikishia, kwa kuwa mtu haambiwi jambo kama lile akiwa ameshika usukani. Aliwaona watu uani akajua. Akapita katikati yao na viatu vyenye vumbi la mpakani, akaingia, akalala kifudifudi juu ya miguu ya baba yake, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Watu wakamwachia chumba.

Baadaye akakaa sakafuni, mgongo ukutani, dada yake kando yake. Daftari lilikuwa juu ya kiti cha plastiki. Akalivuta, kwa mazoea tu. Kila dereva akifika husoma saa zake ziandikwe, baba ndivyo alivyowalea.

"Andika," akasema kwa sauti iliyokauka. "Jumatatu. Tupu. Mkia saa moja, kituo cha mafuta. Geti la pili saa tisa."

Dada hakuinua kalamu. Akaiinua yeye, akafungua ukurasa wa Jumatatu, akaandika nane. Kisha kidole chake kikapanda juu ya safu, taratibu, mstari kwa mstari. Nane. Saba. Tisa. Kikasimama kwenye mbili, kikaendelea, kikafika juu kabisa, kikabaki pale.

Huko nje mtu alikuwa anapanga viti.

"Dada," akasema mwishowe, bila kumtazama. "Asubuhi ulikuwa na mambo mengi. Mgonjwa, simu, watu. Labda hukukifungua. Uliniambia tu kwa kichwa. Si ndiyo?"

Alikuwa anamfungulia mlango. Ilitosha kuitikia tu. Angesema ndiyo, na yeye angekubali, na wangemzika baba yao kesho wakiwa ndugu kama jana.

Bi Makadirio alimwangalia baba aliyefunikwa shuka jeupe, akamwangalia mdogo wake.

"Nilikifungua," akasema.

Kitinda mimba akalifunga daftari, akaliweka kwenye kiti, akainuka akatoka nje kuwasaidia watu kupanga viti.