Tangazo la Kodi Mkabala na Mlango wa Fundi

Mama Funguo, msimamizi wa nyumba ya wapangaji, aliinama nyuma ya mchapaji dukani, akalitazama tangazo la kodi kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Maandishi gani haya ya sisimizi, mwanangu? Mpangaji wangu mmoja, fundi cherehani, macho yamechoka. Tangazo la mwaka jana alisomewa na jirani, akaona haya wiki nzima."

"Lakini mama, mwenye nyumba anataka ukurasa mmoja tu, na salamu zake zimekula nusu."

"Salamu nitazifikisha kwa mdomo. Futa!"

Zikabaki kodi ya sasa, kodi mpya, tarehe ya kodi mpya kuanza, yaani baada ya miezi mitatu, na namba ya simu ya kuulizia. Mchapaji akakuza herufi mpaka zikajaa ukurasa. Akahifadhi kama PDF, ili mpangilio usivurugike kwenye simu za wapangaji, kisha akachapa nakala ya ukutani.

Mama Funguo aliibandika mkabala na mlango wa fundi, akasogea pembeni. Fundi aliinua uso kutoka kwenye cherehani, akasoma taratibu mpaka namba ya mwisho.

"Imepanda, dada. Lakini miezi mitatu nitajipanga," alisema, akitabasamu. "Na leo nimejisomea mwenyewe."