Fomu Namba Kumi na Saba

Katika darasa la Dokta Kashaija, pale chuoni Mwanza, mtoa mada alipewa maswali nusu saa kabla ya kusimama, na aliyeyaandika alikuwa mwanafunzi mwenzake. Sheria zilikuwa chache. Ukijibu kwa takwimu zako unapata alama, ukisema hujui hupotezi kitu, ukibuni unakula sifuri. Wiki iliyopita Chenge alibuni jibu tamu, akapata sifuri nono ambayo ungeweza kuivingirisha mpaka Usagara bila kuisukuma mara mbili.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Specioza. Mama yake, Modesta, alifanya kazi za ndani Muscat na mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Specioza akifeli mada hii atarudia muhula, na ada ya muhula huo haikuwepo, si Muscat wala Mwanza.

Mada yenyewe ilihusu fedha ambazo Watanzania walioko nje hutuma nyumbani: je, zinaleta maendeleo au utegemezi? Yeye alishaamua. Alikaa wiki mbili karibu na vibanda vya mawakala Mkuyuni akiwahoji waliokuja kutoa hela, akajaza fomu arobaini. Katika kaya thelathini na moja, mkuu wa kaya hakuwa na kazi. Akahitimisha kwa herufi nzito kwamba hela ya nje imewafanya watu waache kazi.

Sasa alikuwa ameshika karatasi ya Elias, mwanafunzi mwenzake aliyepangiwa kumwuliza, ina maswali matatu. Nyumba na ada za shule ameziita matumizi tu. Kwa nini zisiwe maendeleo? Amewahoji wanaopokea tu. Majirani wasiopokea, wangapi wana kazi? Hayo yalikuwa la pili na la tatu. La kwanza ndilo lililogonga hitimisho lake lenyewe: *Hao thelathini na mmoja waliacha kazi kabla hela haijaanza kuja, au baada?*

Akamfuata Elias koridoni.

"Kaka, hili swali umelitoa shimo gani?"

"Shukuru nimeliuliza mimi. Angeuliza Dokta lingekuja na pembe."

Specioza akapekua fomu zake. Hakuna hata moja iliyouliza tarehe. Ila kwa fomu namba kumi na saba hakuhitaji kuuliza, maana ilikuwa ya nyumbani kwao Kiseke. Siku moja mvua ilimzuia kwenda Mkuyuni, akaijaza mwenyewe akiwa kitandani, wala hakumwambia mtu. *Mkuu wa kaya: Teodora, miaka 64. Kazi: hana.* Bibi yake, aliyeuza ndizi za Bukoba sokoni Mkuyuni miaka ishirini, alivunjika mguu mwaka 2019. Modesta aliondoka mwaka uliofuata kwa sababu ya mguu huo. Kazi ilikufa kwanza, hela ikaja baadaye. Naye mjukuu kaiweka kwenye kundi la walioacha kazi kwa kushiba hela.

Alisimama mbele ya darasa. Alipofika kwenye swali la kwanza, jibu la kubuni lilimjia limevaa suti kabisa: *wengi wao, baada.* Dokta akavua miwani na kusubiri.

"Sijui, Dokta," alisema. "Kwa kaya thelathini kati ya hizo sijui. Moja naijua, kwa sababu ni kwetu. Niliijaza bila kumhoji mtu. Na inapingana na hitimisho langu."

Dokta alimwuliza kama ana namba za simu za waliohojiwa, na kama walikubali kutafutwa tena. Anazo, na walikubali. Basi Alhamisi arudi na tarehe mbili kwa kila kaya kati ya hizo thelathini na moja: kazi iliisha lini, hela ilianza lini. Hiyo ya nyumbani aihoji kama nyingine, na aandike wazi kwamba ni ya kwao. Elias, kwa vile domo lake ndilo lililoanzisha, atapiga nusu ya simu, kwa vocha yake mwenyewe.

Alama hazikutajwa. Specioza alitoka nje akampigia bibi kwanza.

"Shikamoo bibi. Nina maswali ya chuo."

"Marahaba. Uliza, lakini nina maharage jikoni."

Mguu, Machi 2019. Hela ya kwanza, Agosti 2020. Specioza akashusha pumzi.

"Mguu ulipona 2021," bibi akaongeza bila kuulizwa. "Nilitaka kurudi sokoni. Mama yako akasema nipumzike, hela ipo. Nikapumzika. Mpaka leo napumzika."

"Kwa hiyo bibi, ungeweza kuuza?"

"Ningeweza. Nawe ada ingelipwa na ndizi?"

Specioza akatazama fomu. Pembeni alikuwa ameichorea safu mbili za tarehe. Akachukua rula, akachora safu ya tatu, ya lini mtu angeweza kurudi kazini, kisha akamwita Elias aje aichore kwenye fomu zake pia kabla hajapiga hata simu moja.