Mradi wa Watu Wawili

Kimya, kama wenzake wa darasani walivyomwita, alikuwa na miezi minne tangu ahitimu takwimu, na kwenye wasifu wake pale palipoandikwa "Uzoefu wa kazi" palikuwa peupe. Mshauri wa ajira wa chuo alimwambia aiondoe sehemu hiyo. Aanze na miradi, kisha masomo machache yanayoendana na kazi anayoomba, kisha kujitolea. Na kila mahali aseme alifanya nini, kwa kutumia nini, ikasaidia nini.

Kujitolea hakukumpa taabu. Mwaka mzima, asubuhi mbili kwa wiki, alipanga kadi za wagonjwa kwenye zahanati ya mtaani kwao, mpaka kadi iliyotafutwa nusu saa ikawa inapatikana kwa dakika tano. Masomo akachagua matatu. Ukabaki mradi wa mwaka wa mwisho, wa kukadiria dawa zitakazoisha pale zahanati kabla hazijaisha. Aliufanya na mwenzake wa darasani waliyemwita Mrefu, na Mrefu alifariki wiki tatu kabla ya mahafali.

Akaandika: "Nilibuni na kuunda mfumo wa kukadiria dawa." Ilipendeza. Kisha akafungua faili la mradi kutafuta tarakimu, na pembeni akakuta maoni ya Mrefu, picha yake ndogo ikicheka: "Kimya, hapa usiguse, nitamalizia kesho."

Akalifunga faili. Tangu hapo, kila alipoisoma ile "nilibuni," alihisi mtu amesimama nyuma ya kiti, mchana kweupe. Hakugeuka. Alijua hakuna mtu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Siku ya nne akaenda kwa mama yake Mrefu, akamkuta anapiga pasi. Akamweleza yote, hata ile sentensi. Mama aliiweka pasi kando.

"Huko unakoomba, watalisoma jina lake?"

"Watalisoma, mama."

"Basi liandike, mwanangu. Siku hizi hakuna anayelitaja."

Akaandika upya: mradi wa watu wawili, na jina kamili la marehemu. Chini yake: "Yeye aliandika programu. Mimi nilikusanya na kusafisha kumbukumbu za dawa za miezi kumi na minane, nikapima makadirio."

Kwenye usaili, katika bohari ya dawa, msimamizi alimwuliza programu iliandikwaje. Kimya alikiri kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mwenzake, naye angeweza kuieleza juu juu tu. Ila alieleza jinsi alivyogundua kuwa dawa zilizoazimwa na zahanati jirani ziliandikwa kama zimetumika, makadirio yakapotoka. Msimamizi akavuta kiti karibu.

Walimpa mafunzo kazini ya miezi sita. Mama yake Mrefu aliomba nakala ya wasifu. Akausoma polepole, akifuata mistari kwa kidole, na kilipofika kwenye jina, kidole kikakaa hapo. Kimya alisubiri kisogee. Hakikusogea.