Fungua Mkoba Mweusi

Simu ilitetemeka juu ya meza ya cherehani saa saba kasoro robo mchana, kama ilivyotetemeka kila siku kwa miezi minne. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja: MACHO.

Fundi Pindo aliizima kwa kiwiko, bila kuondoa mikono kwenye kitambaa. Alikuwa amebakiza sketi thelathini na mbili za sare za shule, na msimamizi alishapita mara mbili akizihesabu kwa macho. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa na kazi moja karakanani, kukunja mapindo ya nguo na kuyashona, mpaka jina lake halisi likabaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

Neno lile aliliingiza mwenyewe kwenye simu kama kikumbusho, siku wapimaji wa macho walipofika karakanani. Walimpulizia kila mmoja upepo kidogo jichoni kwa mashine, wakaandika. Walipofika kwake walirudia mara tatu. Kijana aliyekuwa akiandika akamtazama.

"Mama, presha ya macho yako iko juu. Yote mawili. Kuna mtu kwenu amewahi kupofuka?"

"Mama yangu."

Wakampa barua ya kwenda hospitali ya macho. "Usichelewe," wakamwambia. "Ugonjwa huu hauumi, ndiyo ubaya wake. Unakula uwezo wa kuona pembeni polepole, mtu hajui."

Alikusudia kwenda wiki ileile. Lakini kila simu ilipotetemeka, lile neno lilikuja na mzigo wake wote. Kuomba ruhusa. Kutafuta barua. Kuuliza gari la kupanda. Foleni ya kutwa nzima. Na nyuma ya hayo alikuwa amesimama mama yake, ambaye miaka saba ya mwisho alishikwa mkono hata kwenda chooni, akiomba samahani kila hatua. Herufi tano zote zilibeba hayo. Basi alizima akajiambia kesho, na kesho yake akazima tena. Mwishowe alikuwa anaizima bila hata kujua kwamba ameizima.

Mpaka siku aliyogeuka na rundo la sketi mikononi, akamvaa mzimamzima mpiga pasi aliyekuwa anapita upande wake wa kushoto. Pasi ilianguka, ikaunguza sakafu ya plastiki shibiri nzima. Hakuna aliyeumia.

"Hukuniona?" mpiga pasi aliuliza, ameshika kifua. "Mimi na mwili wote huu?"

Watu wakacheka. Fundi Pindo naye akacheka. Lakini hakuwa amemwona.

Jumapili walikuwa uani yeye na wifi yake, wanakunja nguo zilizokauka. Wifi huyu alikuwa dada wa mumewe, wakiishi nyumba moja tangu mume alipopata kazi ya barabara mbali. Kazi ya wifi ilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno: kuandikisha wagonjwa, kuwatuliza, na kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha siku zao. Simu ikatetemeka kwenye beseni la vibanio. Wifi akaichungulia.

"Macho? Macho yamefanya nini?"

"Achana nayo."

"Wifi. Mimi nimekuuliza."

Akamweleza, akianzia mwisho, kwenye pasi. Wifi aliposikia miezi minne aliangusha shuka.

"Miezi minne! Una akili kweli wewe? Mama yako si ulimwuguza mwenyewe?"

"Usinisimange. Unadhani sijajisimanga?" Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Mimi ni mvivu, basi. Andika hivyo."

Wifi akamtazama mtu aliyekuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, na hasira ikamwishia. Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Mvivu hashoni sketi themanini kwa siku," akasema. "Sikiliza. Pale kazini nilikuwa nawatumia watu ujumbe: 'Kumbuka ufuatiliaji wa meno.' Watu walisoma wakanyamaza. Daktari akaniambia, hebu niandikie mtu anachotakiwa kufanya. Nikaanza: 'Kesho saa tatu ingia mlango wa nyuma, njoo na kadi ya kijani. Kama huwezi, jibu HAPANA.' Si wote waliokuja, nisikudanganye. Lakini walianza kuja, na wasiokuja walijibu."

"Mimi najua ninachotakiwa kufanya."

"Kipi?"

"Macho."

"Macho si kitu cha kufanya. Ni kitu kilichoko usoni." Fundi Pindo akatabasamu bila kupenda. "Nakuuliza hivi. Ukiinuka hapo sasa hivi, mkono wako utagusa nini kwanza?"

"Barua," akasema Fundi Pindo. "Ila sijui iko wapi. Nadhani kwenye mkoba mweusi. Au haimo." Kisha, polepole, "Nadhani nimekuwa naogopa kufungua nisiikute."

"Haya. Tuandike hicho, si kingine. Na si saa saba, saa saba una sketi mikononi. Saa ngapi unakuwa chumbani, mikono mitupu?"

"Kumi na mbili unusu jioni. Nikivua viatu."

Wifi akafuta MACHO. Akaandika: *Fungua mkoba mweusi. Toa barua ya hospitali. Iweke mezani.*

"Na hospitali?"

"Hospitali haimo. Ukishaiweka mezani umemaliza kazi ya siku."

Jumatatu jioni simu ilimkuta na kiatu kimoja mguuni. Alisoma. Alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kulala na nguo zake, lakini mkoba ulikuwa umetundikwa mlangoni, hatua mbili, na ilikuwa rahisi zaidi kuufungua kuliko kutafuta sababu ya kutoufungua. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa ndani, imejikunja pamoja na kipande cha utepe wa kupimia. Akaiweka mezani. Hakuchukua hata dakika mbili. Akaketi kitandani na kile kiatu kimoja, akaitazama, machozi yakamlenga. Miezi minne, kwa kitu cha dakika mbili.

Kwa moto ule akajiandikia mwenyewe ujumbe uliofuata: *Kwenda hospitali.* Akaupa saa saba kasoro robo, kwa mazoea.

Jumanne akauzima. Jumatano akauzima. Alhamisi wifi alikuta barua bado iko mezani, juu yake kikombe.

"Imekuwaje?"

"Sijui. Nimerudi kulekule."

Wifi akaomba simu, akasoma, akatikisa kichwa. "Umeandika safari nzima. Tena umeirudisha saa saba. Ukiwa umekaa kwenye cherehani utaendaje hospitali? Kwani ili uende, unaanza na nini?"

"Ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa msimamizi. Na ukishakaa hawezi kukusikiliza, mashine zinapiga kelele. Labda asubuhi, kabla hajaanza kugawa kazi."

"Utamwambia nini?"

Hapo ndipo Fundi Pindo alipoona kwamba hata maneno hakuwa nayo. Wakayatafuta pamoja, wakaandika kama yatakavyosemwa, yalie saa mbili kasoro kumi, wakati anapoingia getini: *Nenda mezani kwa msimamizi kabla hujakaa. Mwambie: Jumanne sitakuja, nina barua ya hospitali ya macho.*

Ijumaa simu ikatetemeka mfukoni mwake akiwa anasaini. Aliisoma amesimama, akaifuata kama mtu anayefuata kipimo kilichochorwa kwa chaki. Msimamizi alikuwa anakunywa chai.

"Jumanne sitakuja. Nina barua ya hospitali ya macho."

"Jumanne? Na oda ya shule tatu?" Msimamizi alipuliza kikombe, akamtazama, labda akakumbuka doa la pasi sakafuni. "Nenda. Lakini Jumatano nikuone."

Ndivyo ilivyokwisha. Alikuwa amejiandaa kwa vita, akapewa ruhusa kabla chai haijapoa.

Jumatatu jioni ujumbe ulimwambia aweke barua ndani ya kiatu cha kulia. Jumanne hakuhitaji ujumbe. Mguu ulikutana na karatasi.

Hospitalini alikaa benchi tangu saa mbili hadi saa nane. Walimpima presha, wakamtia dawa ya kupanua mboni, wakamkalisha mbele ya mashine yenye umbo la bakuli jeupe na kumpa kitufe: kila akiona nukta ya mwanga, abonyeze. Alibonyeza. Kukawa na vipindi virefu vya ukimya ambavyo ndani yake hakuona kitu, akadhani mashine imepumzika.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimwonyesha karatasi mbili. Ya jicho la kulia ilikuwa na kivuli chembamba ukingoni. Ya kushoto ilikuwa nyeusi karibu nusu.

"Hii nyeusi hairudi," daktari akasema. "Lazima nikwambie ukweli. Matone yatashusha presha, tulinde iliyobaki. Ukiyatia kila siku bila kuruka, na ukija tukupime, una nafasi nzuri ya kuendelea kuona na kushona."

"Ningekuja mwezi ule wa kwanza?"

Daktari akaziweka karatasi mezani. "Nyingi ya hii ni ya miaka, si ya miezi. Kidogo huenda tungekiokoa. Sijui ni kiasi gani, na wewe pia hutajua. Umekuja leo."

Alirudi nyumbani mboni zimepanuka, jua linamchoma, ameshika ukingo wa kila ukuta. Wifi alikuwa amepika. Alisikiliza habari yote akiwa ameshika mwiko, hakusema "ningekuwa mimi", wala "si nilikwambia".

"Tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yote," Fundi Pindo akasema. Alilala chali, akafumba. "Nimechoka, wifi. Nimechoka hata kabla sijaanza."

"Maisha yote hayaandikiki kwenye simu. Leo tunaandika nini?"

Akafikiri amefumba macho. Safari hii maneno yalikuja yenyewe. "Andika: *Nawa mikono. Lala chali. Vuta kope ya chini. Tone moja kila jicho, kisha fumba.*"

"Saa ngapi?"

"Saa tatu. Naenda kulala saa hiyo, hata dunia ipinduke."

Wifi akaandika, akamsomea, akaweka chupa ndogo ya matone kwenye kiti kando ya mto. Siku za kwanza tone lilidondokea puani, likadondokea sikioni, na mara moja likamwingia jichoni wifi aliyekuwa anamwelekeza kwa karibu mno. Wiki ya tatu mkono ulishazoea.

Jioni moja wifi alipita na taa, akamkuta amelala chali, shavu limelowa.

"Unalia?"

"Ni dawa."

"Yote hayo?"

"Mengi yake," alisema Fundi Pindo, bado amefumba. "Zima taa, kesho nina kazi."