Gauni la Mifuko ya Unga

Mujinga alikuwa ameshasema, na Mujinga akisema amesema: haolewi katika nguo ya kuombaomba. Nyumba yao ya mtaa wa Katuba ilikuwa imevunjwa mlango na kuporwa kila kitu, wakakimbilia kambini na nguo walizovaa tu, pamoja na maelfu ya watu wengine wa Kasai waliokuwa wakifukuzwa mjini mwaka ule. Wakalala chini ya maturubai, wakapanga foleni ya maji, wakala unga wa msaada. Yote hayo aliyavumilia. Lakini siku ya ndoa yake?

"Siku ile moja," alimwambia dada yake mkubwa, Kapinga, "nataka kufanana na muntu, yaya. Si mukimbizi. Kama haiwezekani, basi Laurent aende, tutaonana Kasai Mungu akipenda."

Kapinga alijua maana ya maneno hayo. Familia ya Laurent, mchumba wa Mujinga, ilikuwa imepangiwa treni ya kurudi Kasai siku ileile ya ndoa, na zamu ya familia yao ilikuwa haijulikani. Wakifunga ndoa kabla ya treni, Mujinga angeondoka na mumewe. Wasipofunga, nani angejua watatupwa upande gani? Wangapi walikuwa wameagana pale langoni kwa kusema "tutaonana", na mpaka leo hakuna habari?

Basi Kapinga, aliyekuwa fundi wa kushona mjini kabla ya fujo, alikusanya mifuko ya unga. Ilikuwa ya pamba nyeupe, mizito kiasi, na yenye maandishi ya buluu. Aliichemsha kwa sabuni mpaka maandishi yakapauka, akayakata yaliyogoma, na yaliyobaki akayaficha ndani ya mishono. Alishona kwa mkono, kola ndogo, mikono mirefu, kiuno chembamba, sketi ya kuchanua. Akaitia wanga mwepesi wa muhogo ili isimame. Asubuhi ya ndoa gauni lilikuwa juu ya kamba, jeupe kweli, lakini limekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa.

Na umeme wa kuwashia pasi uko wapi kambini?

Ndipo alipotokea mama Alima, mke wa mzee Feruzi, yule fundi wa Kimanyema ambaye Kapinga alimfanyia kazi miaka mingi katika atelier yake ya ushonaji. Alipita kati ya maturubai kwa haraka, kitenge kimefungwa vizuri, na kichwani bonge la kitu kizito lililoviringishwa kwenye gunia. Askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, langoni walikuwa wamemfungulisha gunia mara mbili, wakidhani ni bomu.

"Nimewaambia ni fer!" alisema akicheka huku akihema. "Fer ya makala! Mumoja akatia pua ndani, akatoka na masizi puani. Habari ya mwali?"

Ilikuwa pasi ya zamani ya chuma, tumbo lake wazi la kutilia makaa, kifuniko chenye komeo la umbo la jogoo, na matundu ubavuni ya kupitishia hewa. Kapinga aliipokea kwa mikono miwili. Furaha ilimpanda, kisha hofu ikaifuata. Katika miaka yote ile kazi yake ilikuwa cherehani; kunyoosha kulikuwa kwa mama Alima. Hakuwahi kuigusa pasi ile.

Walikuwa hawajawasha hata mkaa wakati Laurent alipokuja mbio, shati limetoka nje ya suruali.

"Kapinga! Mama! Banasema camion za kutupeleka kwenye treni zinakuya midi, saa sita, si jioni! Treni inatoka mapema! Padiri iko kule chapelle, anatungojea, anasema tukuje sasa!"

Watu wakapiga kelele. Jeanne, jirani wa turubai la pili, alishika kichwa. Mujinga alitoka nje amefunga kitenge kifuani, macho makubwa, akatazama gauni kwenye kamba, akatazama pasi, akatazama jua.

"Enda ujivalishe, Laurent," alisema mama Alima. "Gauni inakuya."

Wakawasha mkaa kwenye mbabula, jiko lao la bati, nao ukaanza kushika, ukitoa moshi mweupe unaowasha macho. Kapinga alichukua koleo.

"Tutie sasa, mama. Hatuna saa."

"Acha!" Mama Alima alimshika mkono. "Makala inayotoa moshi itapaka gauni masizi yote. Ngoja iwake yote, iwe nyekundu, ivae majivu juu. Moshi ikikwisha, njo tunatia."

Kungoja kule kulikuwa kama kukalia miiba. Lakini mama Alima hakumwacha akae bure. Walichukua mlango mmoja wa mbao, wakaulaza juu ya makreti ubavuni mwa turubai, mahali palipokingwa upepo lakini wazi pande zote mbili, "maana moshi ya makala haionekani, ila inaumiza kichwa, na ndani ya nyumba inaua." Juu ya mlango wakatandika blanketi, juu ya blanketi shuka safi. Gauni likanyunyiziwa maji kwa ncha za vidole, likaviringishwa kama mkeka ili unyevu uenee sawa. Pasi yenyewe ikasuguliwa upande wa chini kwa kitambaa chenye kipande cha mshumaa, kisha kwa kitambaa kikavu, mpaka chuma kikang'aa.

"Sasa!" alisema mama Alima.

Makaa yalikuwa mekundu, yamevaa kijivu, hayana hata uzi wa moshi. Kapinga aliyatia kwa koleo, si mpaka juu, akafunga kifuniko, akabana jogoo. Akaipeleka pasi mbali, upande upepo unakoelekea, akaiyumbisha mbele na nyuma. Majivu yalitoka matunduni kama vumbi la barabara, cheche mbili tatu zikaruka na kufa mchangani. Akafuta chuma tena kwa kitambaa chenye unyevu. Kikalia: tssss!

"Jaribu hapa kwanza." Mama Alima alitupa mezani kipande cha mfuko uleule wa unga, nacho kimetiwa wanga.

Kapinga aliibandika pasi juu yake. Alipoinua, watu wote walivuta pumzi: alama ya pasi, rangi ya chai ya maziwa, ilikuwa imechapwa katikati ya pamba nyeupe.

"Eeeh! Mungu wangu!" alisema Jeanne.

Fikiria kama lingekuwa gauni! Lakini mama Alima alitikisa kichwa tu.

"Pamba inavumilia moto, lakini wanga inaungua mbio. Na fer uliisimamisha. Isisimame hata kidogo. Weka juu ya tofali ipoe kidogo, kisha jaribu tena, mukono ikitembea."

Safari hii kipande kilitoka laini na cheupe. Mujinga alipiga makofi kama mtoto.

Wakaanza kwa gauni lililogeuzwa ndani nje. Kola kwanza, kutoka ncha kwenda katikati. Kisha mikono. Kapinga alipata mdundo wake: vuta nguo kwa mkono wa kushoto, tembeza kwa wa kulia, inua, weka kwenye tofali, vuta tena. Mvuke ulipanda usoni wenye harufu ya muhogo na mfuko mpya. Mikunjo ilikuwa inalala mbele ya chuma kama nyasi mbele ya upepo, na moyo wake ukaanza kupiga kwa raha, si kwa hofu. Ilikuwa inawezekana! Kweli ilikuwa inawezekana!

Pasi ilipopoa katikati ya sketi, aliijaza makaa mengine, mekundu tayari kutoka kwenye mbabula, mbali na meza. Akaiyumbisha, akafuta, akarudi. Hakuna aliyehitaji kumwambia tena.

Walipoligeuza gauni upande wa nje ili kumalizia kifua, mama Alima alitandaza juu yake kitambaa chembamba chenye unyevu, pasi ipite juu ya hicho, isiguse wanga uchi. Kapinga alipita mara ya mwisho. Akaweka pasi kwenye tofali, akaondoa kitambaa. Kifua kilikuwa kimetulia kama maziwa ndani ya kikombe.

Wakati huohuo honi za malori zikalia langoni.

Watu wakaanza kukimbia na mabunda yao. Mtu mmoja akajikwaa kwenye kamba ya turubai, turubai likapiga kama bawa, upepo wote uliokuwa umezuiwa ukaingia kwa mkupuo. Ulipuliza ndani ya matundu ya pasi. Na Kapinga akaona, kama vile saa imesimama, wingu dogo la majivu likielea na kutua juu ya kifua cheupe cha gauni.

"Majivu!" Jeanne alinyoosha kiganja chake, nacho kimelowa maji. "Ngoja nipanguse..."

"Usiguse!" Kapinga alipiga kelele iliyowatisha hata waliokuwa wakikimbia. Alimdaka Jeanne kiganja hewani. "Ukipangusa inaingia ndani ya pamba! Haitatoka!"

Mama Alima tayari alikuwa ameiondoa pasi na kuipeleka mbali. Kapinga alishika gauni mabegani, akaliinua taratibu, likasimama wima mbele ya upepo. Akalitikisa kidogo. Kisha, kwa upande wa ndani, akaligonga kwa kucha, tik, tik, tik, kama anayebisha mlango wa mtu aliyelala. Majivu makavu yakaachia, chembe kwa chembe, yakaruka na upepo. Jeanne akapuliza. Mujinga akapuliza. Hata bibi mmoja asiyejulikana, mwenye kuku kwapani, akasimama akapuliza.

Kapinga alisogeza uso karibu na kifua cha gauni. Akatafuta. Akatafuta tena.

"Hakuna," alisema, kisha akapaza sauti: "Hakuna kitu! Iko safi!"

Vigelegele! Mama Alima ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa kali kuliko honi za malori.

Wakamvalisha Mujinga pale pale, nyuma ya kitenge kilichoshikwa na wanawake. Wakakimbia, yeye katikati, wawili wakiinua sketi isiguse vumbi, mpaka chini ya turubai kubwa lililokuwa kanisa. Padiri alikuwa akiangalia lango, amekata tamaa nusu. Laurent alipomwona Mujinga akiingia, alisahau kufunga kinywa.

Ndoa ilikuwa fupi kuliko wimbo. Ndiyo, na ndiyo, na pete ya shaba, na baraka. Mama Léonie, mama mzazi wa Laurent, mwanamke mgumu wa kusifu, alishika ukingo wa mkono wa gauni kati ya vidole viwili.

"Courant ya kuwasha pasi munaitoa wapi humu kambini?" aliuliza. "Kitambaa hiki mulinunua magasin gani?"

Mujinga na Kapinga walitazamana wakaangua kicheko mpaka machozi.

Lori lilikuwa limeshajaa. Laurent alimpandisha mke wake kwa kumshika kiuno. Wenzake wakamsogezea nafasi kwenye bunda la blanketi.

"Asikae!" alipiga kelele mama Alima kutoka chini. "Itakunjamana! Asikae mpaka gare, mpaka kwenye treni!"

Na Mujinga hakukaa. Alisimama katikati ya mabunda na masufuria na kuku, mkono mmoja begani mwa mumewe, mwingine hewani, gauni lake jeupe kupita kitu chochote kilichokuwa kambini siku ile. Kapinga alikimbia ubavuni mwa lori, viatu vimemtoka, vidole vimeungua kidogo na harufu ya mkaa imemjaa nywele, akiita jina la mdogo wake na kucheka, akiita na kucheka, mpaka sauti ikamkauka na vumbi likalificha lori.